Kadi Nyekundu na Bei za Mechi Inayoendelea: Jinsi ya Kupima Athari Yake Dakika kwa Dakika

Mwamuzi anapotoa kadi nyekundu, kampuni za kubeti hufunga soko kwa muda, na soko linapofunguliwa tena bei ya timu iliyobaki pungufu huwa imepanda. Mtazamaji huona namba mbili tu, ya kabla na ya baada, na mara nyingi huupima uzito wa kadi kwa kutazama jinsi namba ilivyoruka. Kipimo hicho hupotosha. Katika mfano tutakaoutumia hapa, bei iliyotoka 5.39 ikafika 8.20 imeipunguzia timu ushindi katika mechi zisizofika saba kati ya kila mia, ilhali bei iliyotoka 2.38 ikafika 4.04, ambayo kwa macho inaonekana kusogea kidogo tu, imeipunguzia ushindi katika mechi 17 kati ya mia. Timu ni zile zile na matokeo ni 0-0 katika hali zote mbili. Kilichotofautiana ni dakika: kadi ya kwanza ilitoka dakika ya 75, ya pili dakika ya 15.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima athari hiyo mwenyewe, kuanzia bei za kabla ya mechi hadi nafasi ya kushinda baada ya kadi. Hesabu yake haihitaji zaidi ya simu au kompyuta yenye programu ya majedwali.

Hatua ya kwanza: geuza bei kuwa nafasi

Chukua bei tatu za kabla ya mechi. Katika mfano wetu wenyeji wamepewa 2.14, sare 3.70, na wageni 3.10. Gawanya 1 kwa kila bei, nawe utapata 0.467, 0.270 na 0.323. Ukizijumlisha zinafika 1.06, yaani zaidi ya kimoja kamili, na ziada hiyo ya takribani 0.06 ndiyo faida ambayo kampuni imeipachika ndani ya bei. Iondoe kwa kugawanya kila namba kwa 1.06. Zinazobaki ndizo nafasi zenyewe kama soko linavyoziona: wenyeji asilimia 44, sare asilimia 25 na nusu, wageni asilimia 30 na nusu hivi.

Hatua hii wengi huiruka, kisha hushangaa kwa nini hesabu zao hazikubaliani na bei za mechi inayoendelea. Faida ya kampuni huwa kubwa zaidi mechi ikiwa inachezwa kuliko kabla haijaanza, kwa hiyo ukilinganisha bei ghafi ya saa tisa na bei ghafi ya dakika ya 60 utahesabu kupanda kwa faida ya kampuni kana kwamba ni kushuka kwa timu.

Hatua ya pili: geuza nafasi kuwa magoli

Asilimia 44 haiwezi kukatwa moja kwa moja kwa sababu ya kadi, kwa kuwa kadi haigusi ushindi wenyewe bali hugusa kasi ya kufunga. Ndiyo maana tunashuka ngazi moja na kuuliza kila timu inatarajiwa kufunga magoli mangapi kwa wastani.

Anza na jumla. Soko la zaidi au chini ya magoli 2.5 likiwa na bei zinazolingana pande zote mbili, jumla inayotarajiwa ni karibu magoli 2.7. Ikiwa bei ya "zaidi" iko chini kuliko ya "chini", jumla ni kubwa kuliko hapo, na kinyume chake. Baada ya kupata jumla, igawe kati ya timu mbili mpaka nafasi za ushindi, sare na kushindwa zilingane na zile za hatua ya kwanza. Njia nyepesi ni kutengeneza jedwali ambalo magoli ya wenyeji, kuanzia 0 hadi 6, yako kwenye safu ya A kuanzia A2, magoli ya wageni yako mstari wa juu kuanzia B1, wastani wa wenyeji uko J1 na wa wageni uko J2. Kwenye B2 andika fomula hii, kisha inakili kwenye visanduku vyote:

```
=POISSON.DIST($A2,$J$1,FALSE)*POISSON.DIST(B$1,$J$2,FALSE)
```

Kila kisanduku kitakupa nafasi ya tokeo moja, kwa mfano 2-1. Jumla ya visanduku vya mshazari, yaani 0-0, 1-1, 2-2 na kuendelea, ndiyo nafasi ya sare. Vilivyo chini ya mshazari ni ushindi wa wenyeji, na vilivyo juu yake ni ushindi wa wageni. Jaribu 1.4 kwa 1.3, kisha 1.5 kwa 1.2, kisha 1.6 kwa 1.1, mpaka nafasi zikubaliane. Kwa bei zetu jibu ni 1.5 kwa wenyeji na 1.2 kwa wageni.

Hatua ya tatu: punguza magoli kulingana na muda uliobaki

Magoli 1.5 ni ya mechi nzima. Ikiwa ni mapumziko na hakuna aliyefunga, wenyeji wamebakiwa na nusu yake, yaani 0.75, na wageni wamebakiwa na 0.6. Ikiwa ni dakika ya 75, kilichobaki ni sehemu moja ya sita, yaani 0.25 na 0.2. Ziweke namba hizo kwenye J1 na J2, na jedwali litakupa nafasi za dakika hiyo.

Hapa ndipo penye siri kubwa ya jambo hili, na inafaa kulikalia kidogo kabla ya kuigusa kadi. Muda peke yake husogeza bei hata kama hakuna lolote lililotokea uwanjani. Wenyeji wetu walioanza na asilimia 44 wana asilimia 42 dakika ya 15, asilimia 35 wakati wa mapumziko, na asilimia 18 na nusu tu dakika ya 75, ilimradi bado ni 0-0. Sare nayo inapanda kutoka asilimia 25 na nusu hadi 67. Kwa hiyo mtu anayeona bei ya 8.20 dakika ya 76 na kuilinganisha na 2.14 aliyoiona asubuhi anaibebesha kadi mzigo ambao sehemu yake kubwa ni wa saa. Katika mfano huu wenyeji wamepoteza asilimia 32 tangu mechi ianze. 25 na nusu kati ya hizo zimeliwa na muda, na kadi imechukua sita na nusu zilizosalia. Kiwango sahihi cha kulinganishia ni bei ya dakika moja kabla ya tukio, si bei ya kabla ya mechi.

Kuna tahadhari moja. Dakika ya 75 si kweli kwamba zimebaki dakika 15, kwa kuwa kuna dakika za majeruhi. Mapema katika mechi kosa hili halina uzito, lakini kadri mwisho unavyokaribia linakua mpaka kuharibu hesabu yote: dakika ya 88, ukihesabu hadi 90 utaona zimebaki mbili, na mwamuzi akiongeza saba utakuwa umekosea mara nne na zaidi. Kadi nyekundu yenyewe, pamoja na ubishi unaoizunguka na mapitio ya VAR, huongeza dakika hizo. Mimi hupendelea kuhesabu kipindi cha pili kama chenye dakika 50 hivi, kisha nikarekebisha bango la mwamuzi wa akiba linapoinuliwa. Katika mifano ya hapa nimebaki na 90 ili msomaji aweze kuzifuata namba kwa urahisi.

Hatua ya nne: ingiza kadi

Sasa tunahitaji kujua kadi inabadilisha kasi ya kufunga kwa kiasi gani. Utafiti mmoja uliotumia bei za soko wakati mechi zikichezwa, kwenye Kombe la Dunia la 2006 na Euro ya 2008, ulikuta kwamba kasi ya timu iliyoadhibiwa hushuka hadi takribani theluthi mbili ya ilivyokuwa, na kasi ya wapinzani hupanda kwa takribani robo. Ni wastani wa mashindano mawili, lakini ndio mahali pazuri pa kuanzia, na una sifa moja inayoendana na yale yanayoonekana uwanjani: timu iliyopungua hupoteza mashambulizi zaidi kuliko inavyopoteza ulinzi. Sababu yake inaeleweka. Beki akilimwa kadi, kocha humtoa mshambuliaji au winga na kuingiza beki mwingine, timu ikarudi nyuma ikiwa na mistari miwili ya wanne, na mwenye kubaki mbele ni mmoja anayekimbiza mipira mirefu peke yake.

Zidisha basi. Wenyeji wakipewa kadi, 1.5 yao inakuwa 1.0, na 1.2 ya wageni inakuwa 1.5. Hizo bado ni namba za mechi nzima. Zipunguze kwa muda uliobaki kama hatua ya tatu ilivyoeleza, uziingize kwenye jedwali, na usome matokeo. Hivi ndivyo yanavyotoka wenyeji wanapopoteza mchezaji kukiwa 0-0:

| Dakika ya kadi | Wenyeji kabla | Wenyeji baada | Sare kabla | Sare baada | Wageni kabla | Wageni baada |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 15 | 42% | 25% | 28% | 29% | 30% | 46% |
| 45 | 35% | 22% | 39% | 40% | 26% | 38% |
| 75 | 18.5% | 12% | 67% | 69% | 14.5% | 19% |

Angalia kwanza safu ya sare. Haisogei karibu kabisa, na hili huwashangaza wanaodhani kwamba kadi nyekundu huifanya sare iwe rahisi au ngumu sana. Kinachotokea ni kwamba nafasi huhama kutoka timu moja kwenda nyingine, na sare inabaki katikati ikipanda kidogo.

Kisha angalia wenyeji. Wanapoteza 17 kati ya mia dakika ya 15, wanapoteza 13 wakati wa mapumziko, na sita na nusu dakika ya 75. Kadi ni ile ile na mchezaji aliyepungua ni yule yule, ila madhara yake hulimbikizana kwa kila dakika inayochezwa kumi kwa kumi na moja, na dakika hizo zinapokuwa chache hakuna cha kulimbikiza.

Kwa nini bei huonekana kuruka zaidi mwishoni

Geuza nafasi za jedwali kuwa bei zisizo na faida ya kampuni, na wenyeji watakwenda kutoka 2.38 hadi 4.04 dakika ya 15, kutoka 2.85 hadi 4.55 wakati wa mapumziko, na kutoka 5.39 hadi 8.20 dakika ya 75. Ukigawanya ya baada kwa ya kabla, unapata 1.7, kisha 1.6, kisha 1.5. Kwa maneno mengine, bei huzidishwa kwa kiasi kisichotofautiana sana katika mechi nzima, ingawa nafasi halisi iliyopotea imepungua zaidi ya nusu.

Hii 1.5 ya mwishoni haikuja kwa bahati. Muda ukiwa mdogo na matokeo yakiwa sare, ushindi wa wenyeji unategemea goli moja tu, na nafasi ya kulipata inalingana karibu sawasawa na kasi yao ya kufunga. Kasi ikishuka hadi theluthi mbili, nafasi nayo hushuka hadi theluthi mbili, na bei hupanda mara moja na nusu. Ukiona bei ya timu pungufu imepanda mara mbili dakika ya 80 kukiwa 0-0, basi ama soko linajua jambo ambalo wastani haulijui, kwa mfano kwamba aliyetolewa ndiye mfungaji wao wa kutegemewa, ama kampuni imejiwekea akiba kubwa ya usalama ndani ya bei hiyo.

Hatua ya tano: soma ubao wa magoli

Jedwali lile lilikuwa la 0-0. Timu inayoongoza hupata pigo la aina nyingine. Tuseme wenyeji wanaongoza 1-0 na wamelimwa kadi. Huhitaji jedwali jipya. Chukua lile lile la magoli yatakayofungwa kuanzia sasa, na usogeze mpaka: visanduku vya mshazari, ambavyo awali vilikuwa sare, sasa ni ushindi wao, na sare imehamia kwenye visanduku ambamo wageni wanafunga goli moja zaidi.

Kwa kadi ya dakika ya 15, nafasi yao ya kushinda inashuka kutoka asilimia 70 hadi 54, na bei inapanda kutoka 1.42 hadi 1.85. Kwa kadi ya dakika ya 75 inashuka kutoka asilimia 85 na nusu hadi 81, na bei inatoka 1.17 hadi 1.24, mwendo ambao mtu asiye makini hawezi hata kuuona. Hapo pana mtego wake. Bei ya 1.24 inaonekana salama kama ile ya 1.17, lakini nafasi ya kutoshinda imetoka asilimia 14 na nusu hadi 19, yaani imeongezeka kwa karibu theluthi moja. Kwa timu inayoongoza, usitazame nafasi ya kushinda. Tazama ile ya kupoteza ushindi, kwa kuwa ndiyo inayokua.

Jumla ya magoli nayo inategemea nani kaadhibiwa. Katika mfano wetu jumla imeshuka kidogo, kutoka 2.7 hadi 2.5. Chukua lakini mechi ambayo timu kubwa inatarajiwa kufunga 2.1 na ndogo 0.6. Kubwa ikipewa kadi mapema, jumla inakuwa 1.4 na 0.75, yaani 2.15, na soko la "chini ya 2.5" linapata nguvu. Ndogo ikipewa kadi, jumla inakuwa 2.6 na 0.4, yaani karibu 3.0, na magoli yanatarajiwa kuongezeka. Anayesema tu kwamba kadi nyekundu huleta magoli, au kwamba huyazuia, amesema nusu ya jambo.

Hatua ya sita: tenganisha kadi na kilichokuja nayo

Kadi nyingi hazitoki peke yake. Hutoka na penalti, na faulo ya karibu na boksi, au baada ya goli kuzuiwa. Soko linapofunguliwa huonyesha bei moja iliyobeba yote, na ukiitafsiri nzima kama thamani ya kadi utakosea vibaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay, Soccer City, Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010. Matokeo yalikuwa 1-1 na dakika 30 za nyongeza zilikuwa zimekwisha Luis Suárez alipouzuia kwa mkono mpira uliokuwa unaingia langoni. Alipewa kadi nyekundu na Ghana wakapewa penalti. Ukiweka muda uliobaki kwenye hatua ya tatu unapata sifuri, na chochote kikizidishwa kwa sifuri ni sifuri: Uruguay kuwa kumi hakukuwa na dakika ya kuwaumiza. Bei yote ya wakati ule ilikuwa ya penalti. Ukichukua kwamba penalti huingia takribani mara tatu kati ya nne, na kwamba mikwaju ya baadaye ni nusu kwa nusu, Ghana walikuwa na nafasi ya asilimia 75, pamoja na nusu ya zile 25 zilizobaki, yaani karibu asilimia 88. Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya, nafasi ikarudi nusu kwa nusu, na Uruguay wakashinda 4-2 kwa mikwaju. Kadi ilikuja kudai malipo yake baadaye, Suárez alipokosa nusu fainali ambayo Uruguay walifungwa na Uholanzi 3-2.

Upande wa pili kuna kadi ya mapema inayokuja na goli lililofutwa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya tarehe 17 Mei 2006, Stade de France, kipa wa Arsenal Jens Lehmann alimwangusha Samuel Eto'o nje kidogo ya boksi dakika ya 18. Mpira ulimfikia Ludovic Giuly akautia wavuni, lakini mwamuzi Terje Hauge alikuwa ameshapuliza. Barcelona hawakupata goli. Walipata faulo na wapinzani kumi. Robert Pires akatolewa ili kipa Manuel Almunia aingie, na hapa pana gharama ambayo wastani wetu hauioni moja kwa moja: kadi ya kipa humtoa uwanjani mchezaji wa ndani na kula nafasi moja ya mabadiliko kwa pamoja.

Je, ingekuwa heri kufungwa? Wengi husema ndiyo, nami nadhani wanakosea. Tumia timu zetu za mfano na upime kwa wastani wa pointi za ligi, tatu kwa ushindi na moja kwa sare. Wenyeji wakiwa kumi na moja kwa 0-0 dakika ya 15 wana wastani wa pointi 1.54. Wakifungwa goli wakabaki kumi na moja, unashuka hadi 0.79. Wakipewa kadi na matokeo yakabaki 0-0, ni 1.03. Kwa hiyo hata mapema hivyo, kadi ina unafuu kuliko goli la uhakika. Isipokuwa goli la uhakika ni adimu. Kama mshambuliaji aliyekuwa anakwenda langoni angefunga mara nne tu kati ya kumi, kumwacha apige kunakupa wastani wa 1.24, na kumwangusha kunakuwa hasara. Mpaka uko kwenye asilimia 68: dakika ya 15, faulo inalipa pale tu ambapo nafasi ya goli inazidi hapo. Rudia hesabu ile ile kwa dakika ya 75, na mpaka unashuka hadi asilimia 17. Ndiyo sababu beki anayemvuta jezi mshambuliaji dakika ya 85 na kutoka nje bila kubisha anakuwa amefanya hesabu nzuri, hata kama hajui kuiandika. Hesabu hii ni ya faulo ya nje ya boksi. Ndani yake kuna penalti, na mizani inageuka.

Arsenal wenyewe walitangulia kufunga wakiwa kumi, kwa kichwa cha Sol Campbell dakika ya 37, na waliongoza mpaka dakika ya 76 Eto'o aliposawazisha. Juliano Belletti akafunga la ushindi dakika chache baadaye. Matokeo ya mechi moja hayathibitishi hesabu wala hayaikanushi. Yanaonyesha tu mahali pa kuangalia: kadi ya dakika ya 18 iliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya dakika 70, na timu iliyopata goli la kuongoza ilikuwa bado inailipia.

Mahali ambapo hesabu hii huyumba

Theluthi mbili na robo ni wastani, na wastani huficha mengi. Kiungo mkabaji akitoka, wapinzani hupata nafasi katikati na ile robo inaweza kuwa makadirio ya chini mno. Mshambuliaji wa pembeni akitoka kwenye timu iliyokuwa imejifungia nyuma tangu mwanzo, huenda kasi ya wapinzani isibadilike sana. Subiri kocha afanye mabadiliko yake ndipo useme lolote, maana dakika tano za kwanza baada ya kadi timu huwa haijajipanga, na bei ya dakika hizo hubeba hofu ya muda.

Pia kasi ya kufunga hailingani mechi nzima. Magoli huongezeka kidogo kuelekea mwisho, hivyo sehemu moja ya sita uliyoihesabu kwa dakika 15 za mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana, hata kabla ya dakika za majeruhi. Na ubao wa magoli hubadilisha mwenendo: timu pungufu inayoongoza hujifungia, ilhali timu pungufu iliyo nyuma hulazimika kufunguka, na kwa hiyo pande zote mbili zinaweza kupata magoli zaidi ya hesabu.

Kuhusu VAR, kadi nyekundu ya moja kwa moja hupitiwa, na kampuni huliacha soko limefungwa mpaka uamuzi uthibitike. Ukiona soko limefunguliwa haraka, ama uamuzi hauna ubishi ama kampuni imeingiza shaka hiyo ndani ya bei. Ikumbukwe pia kwamba picha ya simu yako huchelewa, na beti ya mechi inayoendelea huwekwa kwenye foleni ya sekunde kadhaa kabla ya kukubaliwa. Anayetegemea kuiwahi bei ya zamani baada ya kuiona kadi amechelewa tayari.

Jambo la kufanya na hesabu yako, basi, ni kuilinganisha na bei iliyofunguliwa, baada ya kuiondolea faida ya kampuni kama ulivyofanya katika hatua ya kwanza. Ikiwa jedwali linakupa asilimia 22 na soko linakupa 21, hakuna jambo. Ikiwa soko linakupa 15, usikimbilie kudhani umeona kosa lao. Rudi kwanza kwenye orodha ya wachezaji, uangalie aliyetoka ni nani na kama kulikuwa na penalti au faulo inayosubiri kupigwa, kisha hesabu upya dakika zilizobaki.